Kipimo cha usiku kwa anayekoroma na kukatika pumzi: kuanzia Tabora hadi kusoma majibu

Kukoroma peke yake si lazima kuwe ugonjwa. Cha kuangalia ni kile kimya kinachokatiza mkoromo. Mtu anakoroma, halafu ghafla sauti inakatika. Ukimmulika na tochi ya simu utaona mwili unahangaika: tumbo linapanda huku kifua kikishuka, lakini puani hakitoki kitu. Zinapita sekunde kumi, ishirini, pengine zaidi ya thelathini, kisha anakurupuka na mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka majini, anageuka na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba mdomo umekauka, kichwa kinauma, na mchana anasinzia hata akiwa anaongea na mtu.

Kinachotokea ni kwamba misuli ya koo hulegea tukilala. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa nyuma ya ulimi hujifunga kabisa au hubana sana, oksijeni ya damu inashuka, ubongo unashtuka na kuamsha koo, hewa inapita, na mzunguko unaanza upya. Hilo likijirudia mara nyingi kila saa, mtu anaweza kulala saa nane na akaamka amechoka kuliko alivyolala, na shinikizo la damu likagoma kushuka hata akimeza dawa kila siku.

Ili maelezo yasielee hewani, tumfuate mtu mmoja wa mfano. Ni baba wa miaka 52, dereva wa lori, anayebeba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua kuja Tabora mjini. Ni mnene kiasi, presha anayo, na mkewe ameshahamia chumba cha watoto kwa sababu ya kelele. Mwezi uliopita alisinzia kwenye usukani, akashtuka tairi za kushoto ziko nje ya lami.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi nyumbani

Daktari anakuona mchana ukiwa macho, wakati koo lako liko sawa kabisa. Kwa hiyo shahidi mkuu ni yule anayelala karibu nawe. Mke wa dereva wetu afanye jambo moja rahisi: usiku, mumewe akiwa amelala chali, aweke simu mahali inapoona kifua na uso, arekodi dakika mbili au tatu. Video moja yenye mkoromo, kimya na mkurupuko inamweleza daktari mengi kuliko maelezo marefu.

Pamoja na video, pima shingo kwa futi ya fundi cherehani, ukiizungusha usawa wa koromeo. Shingo inayozidi sentimita 40 ni moja ya dalili ambazo madaktari huzihesabu, pamoja na kukoroma kwa nguvu, uchovu wa mchana, kuonwa pumzi ikikatika, presha, unene mkubwa, umri wa zaidi ya miaka 50 na kuwa mwanaume. Dalili zikiwa tatu au zaidi, shaka inaanza kuwa na uzito. Usikose pia kumweleza daktari unasinzia wapi. Kuna dodoso la hali nane za kawaida, kama kukaa unasoma, kuangalia televisheni, kuwa abiria kwenye gari kwa saa nzima au kukaa kimya baada ya chakula cha mchana. Kila moja unaipa alama kuanzia 0 mpaka 3 kulingana na ulivyo mwepesi wa kusinzia hapo, na jumla ya juu ni 24. Ukizidi 10, usingizi wako wa mchana umepita kiasi. Dereva wetu alipata 17.

Nina ombi hapa kwa madereva. Wengi huficha alama hizi wakihofia kazi. Jaza ukweli, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama utapimwa mapema au utaambiwa upunguze uzito na kurudi baada ya mwaka. Na kuanzia siku ile tairi zilipotoka nje ya lami, usiendeshe safari ndefu peke yako mpaka utibiwe.

Mahali pa kuanzia ni kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, yaani Kitete kwa mtu wa Tabora au Maweni kwa mtu wa Kigoma. Ukifika omba vitu viwili: uchunguzi wa pua, koo na presha, na barua ya rufaa inayotaja wazi kwamba unashukiwa kukatika pumzi usingizini. Barua iliyoandikwa tu "hapati usingizi" inaweza kukupeleka kwa mtu mwingine kabisa.

Hatua ya pili: kulala maabara au kulala na kifaa nyumbani

Kipimo kiko cha aina mbili, na ni vizuri ujue tofauti yake kabla ya kutoa nauli.

Cha kwanza ni cha maabara. Unalala hospitali usiku mmoja, kichwani, usoni, kifuani na miguuni kuna vihisi, na mtaalamu anakuangalia usiku kucha akiwa chumba cha pili. Kipimo hiki kinaona ubongo, kwa hiyo kinajua hasa ulilala muda gani na katika usingizi wa aina gani.

Cha pili ni kifaa kidogo unachopewa uende nacho ulikofikia: mkanda wa kifuani, mrija wa puani na kihisi cha kidoleni. Ni nafuu, na kwa mtu mzima mwenye dalili nyingi kama dereva wetu, asiye na ugonjwa mwingine mkubwa, kinatosha kuthibitisha. Upungufu wake ni kwamba vifaa vingi vya namna hii havijui kama umelala au uko macho unaangalia dari. Hasara ya upungufu huo tutaiona kwenye hesabu mbele.

Mwenye moyo uliochoka, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa mzito wa mapafu au anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini asikubali kifaa cha nyumbani kirahisi. Kwa watu hao pumzi inaweza kukatika kwa sababu ubongo wenyewe umesahau kutoa amri, si kwa sababu koo limeziba. Tiba zake ni tofauti, na maabara ndiyo inayozitenganisha vizuri.

Hatua ya tatu: piga simu kabla ya kukata tiketi

Huduma hii iko kwenye hospitali kubwa chache za mijini, na mashine inaweza kuwepo lakini mtaalamu wake yuko likizo. Mpigie simu mhusika wa kitengo chenyewe, si mapokezi tu, uulize: kipimo ni cha maabara au cha kifaa? Nani anasoma majibu, na yanachukua siku ngapi? Bei inajumuisha usiku wa pili wa kujaribu mashine ya hewa, ile ya tiba inayolifungua koo ukilala, au huo unalipiwa peke yake? Bima yangu inahitaji kibali kabla? Kama inahitaji, pata kibali kwa maandishi. Kusafiri mpaka Dar es Salaam halafu kuambiwa kibali hakijatoka ni hasara isiyo ya lazima.

Mwanamke anaweza kuomba afungwe vihisi na mtaalamu mwanamke. Uliza mapema, maana usiku kunaweza kuwa na mtaalamu mmoja tu wa zamu. Uliza pia kama ndugu anaruhusiwa kulala karibu. Kwa mtoto hilo ni la lazima.

Kwa Waislamu, nakushauri usipange kipimo ndani ya Ramadhani. Daku na futari vinageuza ratiba yote ya kulala, na kipimo kitapima usiku usio wa kawaida yako.

Hatua ya nne: safari na siku yenyewe

Kosa linaloharibu vipimo vingi vya watu wa kwetu ni safari. Mtu anatoka Kigoma au Tabora kwa treni au basi, anakesha njiani, anafika asubuhi, na usiku huohuo analala maabara. Mwili uliokesha unalala usingizi mzito wa kulipa deni, na picha inayopatikana si ya usiku wako wa kawaida. Fika siku moja kabla, ulale kwa ndugu au gesti, kisha upimwe usiku unaofuata. Tangu 2024 treni ya mwendokasi ya Dodoma hadi Dar es Salaam inafupisha kipande cha mwisho kwa anayetoka Tabora kwa basi, lakini hata hivyo siku ya kupumzika usiiondoe.

Siku ya kipimo usilale mchana, hata kidogo. Kahawa na chai ya majani uache kuanzia saa sita mchana. Najua kahawa ya jioni kwenye kijiwe ni ngumu kuikataa kwa mtu wa Tabora au Ujiji, lakini kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kiko kwenye damu saa tano usiku. Pombe usiguse. Pombe hulegeza koo na kuongeza kukatika kwa pumzi, kwa hiyo inakupa namba isiyo yako. Kama unakunywa kila siku na ukikosa unatetemeka, usiache ghafla kwa ajili ya kipimo, mwambie daktari kwanza.

Dawa zako za presha, kisukari na nyinginezo endelea kumeza kama kawaida, na uje nazo na orodha yake. Dawa za usingizi ni za kuulizia mapema, na usianze mpya usiku huo kwa kuwa tu unaogopa kutolala.

Sasa kichwa, jambo ambalo vipeperushi vingi vya hospitali havilitaji. Vihisi vya ubongo lazima viguse ngozi ya kichwa. Nywele bandia, wiviingi iliyoshonwa, na misuko iliyobana isiyoacha ngozi wazi vinazuia. Kama umesuka, twende kilioni au mistari iliyoacha njia inafaa mara nyingi, maana mtaalamu anaweka vihisi kwenye njia. Rasta ndefu nene piga simu uulize. Osha kichwa siku hiyo, na baada ya kuosha usipake mafuta ya nazi wala krimu yoyote, kwa sababu mafuta yanafanya vihisi viteleze na kudondoka saa nane za usiku. Mwanaume mwenye ndevu nyingi azipunguze kwenye kidevu, kama hana sababu ya kuziacha.

Kucha nazo ziangalie. Kihisi cha oksijeni kinapitisha mwanga kidoleni, na rangi nzito ya kucha au piko vinaweza kuuziba. Acha angalau kidole kimoja kila mkono kikiwa kisafi.

Begini weka nguo za kulalia za vipande viwili, shati na suruali au kanga na blauzi, kwa kuwa waya za miguuni na kifuani zinahitaji njia ya kupita. Mto wako ukiweza uje nao. Kula mapema, saa kumi na mbili hivi, chakula cha kawaida. Ugali na dagaa havina shida, shida ni kushiba sana dakika chache kabla ya kulala chali.

Jioni: kufungwa vihisi

Mara nyingi unatakiwa kufika kati ya saa moja na saa mbili usiku. Anayeswali atawadhe na kuswali Isha kabla ya kazi kuanza, na amwambie mtaalamu saa anayotaka kuamshwa kwa Alfajiri, ili waya zitolewe kwa wakati na apate kutawadha.

Kazi ya kufunga inachukua dakika 45 hivi, wakati mwingine zaidi. Mtaalamu anakupima kichwa kwa futi, kutoka penye pua hadi kisogoni na kutoka sikio hadi sikio, anatia alama kwa penseli laini, anasugua kila alama kwa dawa yenye chembechembe, kisha anabandika kikombe kidogo cha chuma chenye jeli nzito. Anaendelea: kimoja pembeni ya kila jicho, viwili au vitatu kidevuni, viwili kwenye kila muundi, na vya moyo kifuani. Mikanda miwili inazungushwa, mmoja kifuani na mmoja tumboni. Hiyo ndiyo itakayoonyesha kile mke alichokiona kwa tochi, kifua na tumbo vikivutana kinyume. Puani unawekewa mrija mwembamba na kihisi cha joto la pumzi. Mwisho kidoleni.

Wazee wengi huuliza kama watapigwa shoti. Hapana. Vihisi hivi havileti umeme mwilini, vinasikiliza ule mdogo sana ambao mwili wako unautoa wenyewe.

Ukishalala kitandani, sauti inakuja kutoka kwenye spika ndogo, na mazungumzo huwa hivi:

"Baba, bila kusogeza kichwa, angalia kulia. Kushoto. Juu. Chini. Pepesa macho mara tano. Uma meno. Igiza kukoroma. Sasa zuia pumzi."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka nikwambie. Haya, pumua. Kunja kidole gumba cha mguu wa kulia. Ahsante, na wa kushoto."

Usilifanye jambo hili kwa haraka haraka. Kila amri inahakikisha kihisi kimoja kinafanya kazi, na kisichojibu kinarekebishwa sasa hivi badala ya kugundulika asubuhi kwamba usiku mzima hakikurekodi.

Usiku wenyewe

Taa zinazimwa saa nne au tano. Kamera ya gizani inakuangalia, na picha yake ipo kwa sababu ya kulinganisha: mstari ukiruka kwenye skrini, mtaalamu anataka kujua kama ni ugonjwa au umejikuna.

Karibu kila mtu analala vibaya kuliko nyumbani, na hilo wanalitegemea. Usihesabu dakika. Hofu kubwa ya watu ni "sikulala kabisa", lakini mara nyingi rekodi inaonyesha mtu huyohuyo alilala saa nne au tano. Ukitaka kwenda msalani, sema tu kwa sauti. Waya zote zinaishia kwenye kisanduku kimoja, mtaalamu anakichomoa, unakivaa shingoni, unaenda na kurudi. Usizuie mkojo usiku kucha kwa aibu, maana huo unakunyima usingizi kuliko waya. Tena kuamka kukojoa mara nyingi usiku ni dalili mojawapo ya ugonjwa huu, kwa hiyo yeye anaona ni kawaida.

Jitahidi kulala chali kwa sehemu ya usiku kama mwili wako unakubali. Koo huziba zaidi chali, na mtaalamu anaweza kukuomba ugeuke.

Kati ya usiku anaweza kuingia na barakoa yenye mpira laini inayounganishwa na mashine ndogo ya kusukuma hewa, ile iliyoandikwa CPAP. Hili hufanyika pale ambapo saa mbili au zaidi za usingizi zimeshaonyesha tatizo kubwa: nusu ya kwanza ya usiku inatumika kupima, nusu ya pili kutafuta nguvu ya hewa inayolifungua koo. Mashine hizi kwa kawaida husukuma kati ya 4 na 20, kwa kipimo cha sentimita za maji, na mtaalamu anapandisha kidogo kidogo mpaka mkoromo na kukatika kuishe. Ukiamka na barakoa usoni bila kukumbuka ilivyofika, ujue ndicho kilichotokea. Nakushauri jioni uombe kuijaribu dakika tano ukiwa macho, hofu itapungua sana.

Saa kumi na mbili asubuhi unaamshwa, unarudia zile amri za macho na miguu, waya zinatolewa kwa maji ya vuguvugu. Jeli itabaki kwenye nywele, maji ya moto na sabuni yanaitoa. Usidai majibu palepale. Kuna mtu atakayeketi kusoma usiku wako mzima kwa vipande vya sekunde 30, kimoja baada ya kingine, na daktari atapitia kazi yake. Na usiendeshe gari siku hiyo.

Kusoma karatasi ya majibu

Watu hurukia namba moja, ile ya AHI. Hiyo ni idadi ya mara ambazo pumzi ilikatika kabisa au kupungua sana, ikigawanywa kwa saa za usingizi. Kila tukio lazima lidumu angalau sekunde 10. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi chini ya 15 ni kidogo, 15 hadi chini ya 30 ni wastani, na 30 kwenda juu ni kali. Kwa mtoto usitumie mizani hii: hata 1 kwa saa inatosha kumfanya daktari alitilie jambo uzito.

Dereva wetu alirekodiwa kuanzia saa 4:30 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, yaani saa saba na nusu. Alilala kweli saa sita. Matukio yalikuwa 192: pumzi ilikatika mara 100, na 96 kati ya hizo koo ndilo lililoziba, ilhali 4 tu ubongo haukutoa amri. Mara 92 zilizobaki hewa ilipungua bila kukatika. Gawanya 192 kwa saa sita, unapata AHI ya 32. Ni kali.

Sasa tuseme mtu huyuhuyu, usiku uleule, alitumia kifaa cha nyumbani. Kifaa hakijui kwamba saa moja na nusu alikuwa macho, kwa hiyo kinagawanya kwa saa saba na nusu zote: 192 kwa 7.5 ni karibu 26. Tena matukio ambayo hayakushusha oksijeni bali yaliushtua ubongo tu hakiyaoni, kwa kuwa hakina kihisi cha ubongo. Yakiwa 24, yanabaki 168, na namba inashuka hadi 22 na ushee. Karatasi itasema "wastani". Koo ni lilelile. Ndiyo maana kifaa cha nyumbani kikisema una tatizo, amini, lakini kikisema huna na bado mkeo anakuona ukikatika pumzi na unasinzia mchana, omba maabara. Jibu zuri la kifaa halifuti dalili.

Baada ya AHI, tafuta namba za ulivyolala. Dereva alilala chali saa tatu na ubavu saa tatu. Chali alipata matukio 138, yaani 46 kwa saa. Ubavu 54, yaani 18 kwa saa. Hii inatuambia kulala ubavu kunamsaidia, ila hakumalizi tatizo. Mtu mwingine angeweza kupata 25 chali na 3 ubavu, na kwake mto wa mgongoni unaomzuia asigeuke chali ungekuwa sehemu kubwa ya tiba. Angalia vilevile usingizi wa ndoto, ulioandikwa REM. Hapo misuli hulegea zaidi, na dereva alikuwa na matukio 52 katika saa moja ya REM. Kwa hiyo ukiona karatasi inayosema AHI ni 4, lakini mtu alilala saa mbili na nusu, hakufika REM na hakulala chali hata kidogo, usifurahi bado. Mwambie daktari, "Usiku huu ulionyesha sehemu tu ya usingizi wangu." Atakuelewa.

Namba ya tatu ni oksijeni, iliyoandikwa SpO2. Angalia ilishuka hadi wapi na ilikaa chini ya 90 kwa muda gani. Ya dereva ilishuka hadi 76, na alikaa chini ya 90 kwa dakika 36, sehemu ya kumi ya usingizi wake. Watu wawili wenye AHI ya 32 hawafanani kama mmoja oksijeni yake haikuwahi kupita chini ya 88. Hapa kuna jambo ambalo mtu mweusi anastahili kuambiwa: vihisi vya kidoleni vimeonekana kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo 91 yako inaweza kuwa chini zaidi ndani ya damu, na daktari anayejua hilo hatakurudisha nyumbani kwa sababu ya namba iliyokaa juu kidogo tu ya mstari.

Karatasi inaweza kuonyesha mengine pia: miguu inayoruka kila baada ya sekunde kadhaa, au pumzi inayopanda na kushuka kwa mawimbi kwa mgonjwa wa moyo. Na kama usingizi wa mchana ni mkubwa ilhali pumzi iko safi, daktari anaweza kuagiza kipimo cha mchana unaofuata, ambapo unalazwa mara nne au tano kila baada ya saa mbili kuona unasinzia haraka kiasi gani.

Ukirudi Tabora na jibu mkononi

Kwa namba za dereva wetu, tiba ya kwanza ni mashine ya hewa. Kupunguza uzito na kuacha pombe za jioni vinasaidia, lakini havingojewi. Kwa tatizo dogo au la wastani kuna pia kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, kinachotengenezwa na daktari wa meno kwa vipimo vyako. Kwa mtoto mwenye mafindofindo makubwa, mara nyingi upasuaji wa kuyaondoa ndio unaotangulia.

Kabla ya kununua mashine, omba karatasi yenye nguvu ya hewa iliyopatikana maabara na saizi ya barakoa iliyokukaa. Ukiuziwa ya mtumba, soma jina na namba ya toleo. Mwaka 2021 kampuni ya Philips iliita irudishwe mamilioni ya mashine zake kwa sababu povu la ndani la kuzuia kelele lilikuwa linamomonyoka na kuingia kwenye hewa ya mgonjwa, na mashine za namna hiyo bado zinaweza kuzunguka kwenye soko la mtumba. Vumbi la kiangazi la huku linaziba kichujio upesi, kwa hiyo kikague kila wiki na uwe na cha akiba. Tangi la unyevu liwekewe maji yaliyotoneshwa, kwani maji ya kisima huacha ukoko.

Umeme ukikatika mashine inazima, na barakoa nyingi zina matundu yanayokuwezesha kuendelea kupata hewa mpaka uamke na kuivua. Kwa anayelala Urambo au Kaliua, au dereva anayelala njiani, uliza wakati wa kununua kama mashine inakubali betri ya volti 12 na waya wake unapatikana. Ukizima sehemu ya kupasha unyevu, betri inadumu muda mrefu zaidi.

Mashine nyingi zinahifadhi kwenye kadi au skrini saa ulizotumia, hewa inayovuja na AHI iliyobaki. Baada ya mwezi mpelekee daktari namba hizo tatu. AHI iliyobaki ikiwa chini ya 5 na uvujaji ni mdogo, lakini bado unasinzia, angalia kwanza saa za matumizi. Mtu anayeivaa saa tatu kisha kuivua analala nusu ya usiku bila tiba, na mara nyingi sababu ni barakoa inayobana puani. Hiyo inabadilishwa saizi, wala haihitaji kipimo kipya.